Jibu kwa Mteja Aliyelalamika Hadharani

Tuchukue mfano wa mama anayeoka keki nyumbani kwake Tabata, Dar es Salaam. Jumapili asubuhi anafungua simu na kukuta mteja amempa nyota moja kwenye ukurasa wa biashara yake, na chini ya nyota ameandika: “Keki ya sendofu imefika saa nane na nusu wakati tulikubaliana saa saba. Krimu imeyeyuka, ngazi ya juu imelala. Nimeaibika mbele ya wakwe. Msiagize hapa.”

Mwoka keki ana utetezi tayari mkononi. Mteja alibadilisha ukumbi siku ileile, kutoka Kinondoni kwenda Mbezi, na nusu ya malipo aliimalizia usiku wa kuamkia shughuli. Vidole vinamwasha aandike yote hayo, tena aambatanishe picha ya muamala wa M-Pesa. Hapo ndipo biashara nyingi huharibu, maana mteja alilalamikia keki, na sasa wasomaji wanashuhudia ugomvi.

Kabla ya kuandika neno, atafute ukweli. Asome upya meseji za oda, aangalie picha ya keki ilipokuwa inatoka jikoni, amuulize dereva aliondoka saa ngapi na alipita wapi. Anagundua kwamba keki ilitoka saa sita na nusu ikiwa imesimama vizuri, lakini gari halikuwa na kiyoyozi na lilikaa kwenye foleni karibu saa mbili. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hivi, na ndani ya gari lililosimama juani joto hupita hapo haraka. Kwa hiyo mteja amesema kweli. Ukumbi ulibadilishwa, ndiyo, lakini mwoka keki alikubali kupeleka Mbezi, na alipokubali alibeba na jukumu la njia.

Jibu lake linaweza kuwa hivi:

“Habari dada. Pole sana, na samahani. Keki yako ilichelewa kwa saa moja na nusu na krimu ikayeyuka njiani kwa sababu tuliibeba kwenye gari lisilo na ubaridi. Kosa ni letu. Kuanzia wiki hii keki za ngazi tunazisafirisha zikiwa zimetenganishwa, kwenye gari lenye kiyoyozi, na tunazipanga ukumbini wenyewe. Nimekupigia leo asubuhi sikukupata. Nitapiga tena jioni tuzungumze kuhusu fedha zako.”

Jibu ni fupi, na limetaja kitu chenyewe kilichoharibika. Majibu ya “tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza” humwambia msomaji kwamba hakuna aliyesoma malalamiko. Pia halijamgusa mteja kwa kubadilisha ukumbi. Ule ni ukweli, lakini ukiuweka hapo, msamaha wote unageuka lawama, na mwenye sendofu yake mwezi ujao ataogopa kwamba naye akiteleza kidogo atatangazwa. Huyo ndiye msomaji mkubwa wa jibu hili. Kiasi cha fedha kimeachwa kizungumzwe kwa simu, wala hakitolewi kwa sharti la kufuta maoni. Google kwa mfano inakataza kumpa mteja chochote ili aondoe maoni mabaya. Na ahadi ya gari lenye kiyoyozi iandikwe tu ikiwa gari limeshapatikana.

Siri za mteja ni jambo zito kuliko adabu. Mwaka 2019 kliniki moja ya meno ya Dallas, Marekani, ilikubali kulipa dola 10,000 baada ya kumjibu mgonjwa hadharani na kutaja jina lake la ukoo pamoja na hali yake ya kiafya. Kulalamika kwa mgonjwa hakukuipa kliniki ruhusa ya kufungua faili lake. Kwetu pia, Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Picha ile ya muamala ina jina na namba ya simu ya mtu. Iache.

Kuna malalamiko ya uongo pia, na mengine hutoka kwa washindani. Hata hayo yajibiwe kwa upole: “Tumetafuta oda ya tarehe hiyo hatujaiona. Tafadhali tutumie namba ya oda kwenye simu ya ofisi tufuatilie.” Asiyewahi kuagiza hatakuwa na cha kutuma, na wasomaji wataona hivyo bila wewe kumwita mwongo. Usiombe radhi kwa jambo ambalo hujalithibitisha.

Mteja akirudi na jibu kali zaidi, mjibu mara moja tu, umwelekeze kwenye simu, kisha unyamaze. Ukishaandika jibu lako la kwanza, mpe mtu ambaye hakuwepo alisome kabla hujalituma. Akikuuliza “kwani alikufanya nini huyu?”, lifute uandike upya.