Je, Wajua? Maswali mawili kuhusu kifo yaliyopandisha dhamana

Je, wajua kwamba kukumbushwa kifo kunaweza kumfanya hata hakimu awe mkali zaidi? Mwaka 1989 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya na mahakimu 22 wa Tucson, Arizona. Wote walisoma jalada moja la kubuni la mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba, kisha wakapanga dhamana. Nusu yao walikuwa wamejibu kwanza maswali mawili: ukiwaza kifo chako unahisi nini, na mwili wako utapatwa na nini ukifa? Hao walipanga wastani wa dola 455. Wenzao walipanga dola 50 tu.

Watatu kati ya wanasaikolojia hao, Jeff Greenberg, Sheldon Solomon na Tom Pyszczynski, wanaeleza kuwa hofu ya kutoweka humfanya mtu ashikilie maadili ya jamii yake, amwadhibu anayeyakiuka na kumpendelea wa kundi lake. Lakini jaribio jingine walilofanya na wanafunzi lilionyesha kuwa ukali uliongezeka kwa wale tu waliokuwa tayari wanauchukia ukahaba. Tena, maabara nyingi ziliporudia pamoja jaribio jingine, la uzalendo wa Wamarekani, tofauti iliyotarajiwa kati ya waliokumbushwa kifo na wasiokumbushwa haikuonekana.