Kuiondoa Jeni Kwenye Titi Pekee

Mwanamke anayerithi nakala moja mbovu ya jeni ya BRCA1 huishi na hatari kubwa ya kupata saratani ya matiti. Jeni hiyo ilipotambuliwa mwaka 1994, watafiti walitaka kuona jinsi upungufu wake unavyozaa uvimbe, hatua kwa hatua, jambo lisilowezekana kwa binadamu. Panya wadogo wa maabara nao wana jeni hiyo, na mbinu ya kuizima mwili mzima ilikuwa tayari mikononi mwao.

Mbinu hiyo ikagonga mwamba. Panya waliobaki na nakala moja nzima waliishi bila kupata uvimbe wa matiti kama ilivyotarajiwa. Waliokosa nakala zote mbili hawakuzaliwa kabisa: mwaka 1996 watafiti wa Toronto waliripoti kwamba viinitete vya aina hiyo hufa kabla ya siku ya 7.5, ilhali mimba ya panya huchukua siku 20 hivi. Brca1 husaidia kukarabati DNA iliyokatika. Katika siku hizo za mwanzo seli hugawanyika kwa kasi kubwa, na pasipo ukarabati huo zinaacha kugawanyika. Mnyama anakufa kabla titi halijaumbika, na titi ndilo walilotaka kulichunguza.

Ilibidi basi jeni ibaki salama tangu kutungwa mimba, kisha iondolewe baadaye, na katika tezi za maziwa tu. Kazi hiyo hufanywa na Cre, kimeng'enya kinachotokana na P1, kirusi kinachoshambulia bakteria. Cre hutafuta mfuatano mmoja wa herufi 34 za DNA, uitwao loxP, ambao panya hana mpaka apandikiziwe. Alama mbili za loxP zikiwekwa kuelekea upande mmoja, Cre hukata penye alama, hukitoa kipande kilicho katikati na kuunga ncha zilizobaki, kama fundi cherehani anayepunguza kitambaa kwa kufuata chaki. Alama zikielekeana, kipande hakitoki, hugeuzwa tu.

Mwaka 1999 Chu-Xia Deng na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walitangaza panya wa namna hiyo. Alama za loxP zilizunguka sehemu ya 11 ya Brca1, ambayo peke yake hubeba zaidi ya nusu ya maelekezo ya kutengeneza protini. Zilipandwa pembeni, mahali pasipo na maelekezo, kwa hiyo jeni iliendelea kufanya kazi hadi Cre ilipotokea. Mojawapo ya swichi walizoifungia Cre ilikuwa ile ya Wap, protini ya maziwa ya panya. Swichi hiyo huwaka mwishoni mwa mimba na wakati wa kunyonyesha, hivyo jike lazima abebe mimba ndipo jeni ikatwe.

Matiti ya panya hao hayakukua sawasawa, na seli nyingi zilikufa. Uvimbe ulitokea kwa wachache tu, tena walipofikia umri wa miezi 10 hadi 13. Lakini waliponyimwa pia nakala moja ya jeni ya p53, uvimbe ulikuja mapema na kwa wengi zaidi. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Seli iliyokosa Brca1 kwa kawaida hujifia. Inayogeuka saratani ni ile iliyopoteza pia mlinzi ambaye angeiamuru isimame au ife. Panya asiyezaliwa asingeweza kutuonyesha hilo.

Hata hivyo, Cre haifikii kila seli, na seli zilizoachwa nzima zinaweza kuongezeka na kuficha madhara. Pia huvuja: swichi nyingine iliyotumika, ya MMTV, huwaka hata kwenye tezi za mate. Ndiyo maana mtafiti makini kwanza huwapandisha panya wa Cre na panya wenye jeni ya kupimia, ambayo huwezesha kila seli iliyofikiwa na Cre kugeuka buluu ikitiwa dawa. Vilevile hufuga ndugu wenye loxP bila Cre, na wengine wenye Cre bila loxP, kwa kuwa Cre ikizidi inaweza yenyewe kudhuru seli.

Kosa baya kuliko yote ni Cre kuwaka ndani ya yai au mbegu ya mzazi, maana kiinitete hurithi jeni iliyokwisha kukatwa. Kipimo cha PCR cha kipande cha mkia hulifichua, kwani mkanda wa jeni iliyokatwa huonekana mahali usipostahili kuwapo. Nakala zote mbili zikikatwa hivyo hakutakuwa na mkia wa kupima, na dalili ya kwanza huwa hesabu ya watoto. Mzazi mwenye Cre na nakala moja yenye loxP, akipandishwa na mwenye nakala mbili zenye loxP, hutarajiwa kutoa robo ya watoto wenye vyote viwili: Cre na nakala mbili zenye loxP. Robo hiyo ikikosekana uzao baada ya uzao, jeni inakatwa mapema mno.