Baiti mbili za mwisho

Kompyuta ikitaka kusoma rejista kumi za mita ya umeme kwa itifaki ya Modbus RTU, ujumbe unaopita kwenye nyaya huwa ni baiti nane tu:

```
01 03 00 00 00 0A C5 CD
```

Ya kwanza ni anwani ya mita, ya pili ni agizo la kusoma, mbili zinazofuata ni rejista ya kuanzia, kisha idadi. C5 CD hazibebi agizo lolote. Zipo ili mita ijue kama zile sita za mwanzo zimefika salama, na ndizo zinazoitwa CRC.

CRC ni baki, lile lile la darasa la nne. Ujumbe mzima unachukuliwa kama namba moja ndefu, unagawanywa kwa namba waliyoafikiana wenye itifaki, na kinachobaki kinatumwa mkiani. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kukopa. Kutoa kunafanywa kwa XOR: biti mbili zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana ni 1.

Kwenye maabara yetu wanafunzi huanza na njia ndefu, biti kwa biti, kwa kalamu. Andika FFFF kama thamani ya kuanzia, kisha ifanyie XOR na baiti ya kwanza, 01. Unapata FFFE. Sasa sogeza biti zote hatua moja kulia, mara nane. Kila mara tazama biti inayodondoka upande wa kulia: ikiwa 0, endelea, ikiwa 1, fanya XOR na A001.

```
crc ^= b;
for (i = 0; i < 8; i++)
  crc = (crc & 1) ? (crc >> 1) ^ 0xA001 : crc >> 1;
```

FFFE inaishia na 0, kwa hiyo inakuwa 7FFF. Hiyo inaishia na 1: inasogea kuwa 3FFF, na baada ya XOR ni 9FFE. Ukiendelea hivyo, hatua ya nane inakupa 807E. Rudia kwa baiti tano zilizobaki utafika CDC5. Kwenye waya nusu ya chini hutangulia, ndiyo maana tunaona C5 kisha CD. Anayezigeuza hizo mbili hapati jibu kabisa, kwa sababu mita hunyamazia ujumbe wenye CRC mbovu.

Ukiitazama kwa makini ile kazi ya hatua nane, utaona kwamba uamuzi wa kufanya au kutofanya XOR unategemea biti nane za kulia peke yake. Zile nane za kushoto zinashuka tu kuchukua nafasi. Biti nane zina hali 256, basi tunazikokotoa zote mara moja na kuziweka kwenye jedwali. Baada ya hapo baiti nzima inakwisha kwa mstari mmoja:

```
crc = (crc >> 8) ^ jedwali[(crc ^ b) & 0xFF];
```

Jaribu kwa baiti yetu ya 01. FFFF XOR 01 inaangukia safu ya FE, na humo mna 8081. FFFF ikisogezwa nafasi nane ni 00FF. XOR ya hizo mbili ni 807E, ile ile tuliyoisotea kwa kalamu.

Jedwali linakula baiti 512, robo ya kumbukumbu ya kazi ya Arduino Uno, labda ulihifadhi pamoja na programu. Kwa kasi ya 9600 baiti moja huchukua zaidi ya milisekunde moja kufika, muda unaoitosha kabisa njia ndefu. Kwa mita moja, mimi nisingehangaika na jedwali, ila ningeliandika ili linisaidie kukagua.

Nina sababu. Kipimo cha kawaida cha programu ya CRC ni kuipa herufi `123456789`. Ya Modbus lazima itoe 4B37. Ikitoa BB3D, umeanza na 0000 badala ya FFFF. Kundi moja lilifaulu kipimo hicho, likasoma volti asubuhi nzima kwenye 234 bila kosa. Mchana umeme ukashuka hadi 228, na kila jibu la mita likakataliwa. Walibadilisha nyaya mara mbili.

Mita ile hutuma volti mara kumi. 2340 ni 09 24. 2280 ni 08 E8. E8 imezidi 7F, nao walikuwa wametangaza baiti kama `char`, ambayo kwenye Arduino ile ina alama ya hasi. E8 ikageuka FFE8 na kuharibu nusu ya juu ya CRC. Herufi za kipimo zote ziko chini ya 80, kwa hiyo hazikuweza kulifichua kosa hilo. Tulipopitisha baiti zile zile kwenye jedwali, jibu lilikuwa sahihi, maana `& 0xFF` inakata hiyo ziada. Njia mbili, majibu mawili: waya haukuwa na hatia. Wakaandika `uint8_t`, na mita ikasomeka kwenye 228.