Tatu au Nane? Muulize Mtoza Kodi

Risiti ya supamaketi ya Nairobi imepigwa picha kwa simu, na pale karatasi ilipokunjwa tarakimu moja imefifia. Sabuni ya unga ni shilingi 325 au 825? Hakuna haja ya kubahatisha, maana risiti husema jambo moja mara kadhaa.

Tuchukue risiti ya mfano. Unga wa mahindi pakiti 2 kwa 165, yaani 330, mkate 65, mafuta ya kupikia 638, sabuni yenye utata, dawa ya meno 179. Jumla iliyochapishwa ni 1,537.

Ukisoma 825, hesabu yako inafika 2,037. Umezidisha 500 kamili, na makumi na mamoja hayakuguswa. Kosa basi limekaa kwenye mamia: 8 imechukua nafasi ya 3. Tofauti ingekuwa 165, ungejua umehesabu pakiti moja ya unga badala ya mbili. Na ikigawanyika kwa 9 bila baki, kama 45, angalia kama tarakimu zimepishana: 638 imenakiliwa 683.

Je, jumla yenyewe ikifutika? Shuka chini kidogo: mteja alitoa 2,000, akarudishiwa chenji 463. Tofauti ni 1,537.

Kwenye kodi ndipo wengi wanapoteleza. Kiwango cha kawaida cha VAT nchini Kenya ni asilimia 16, lakini bei ya rafuni tayari imebeba kodi hiyo. Kwa hiyo hupigi asilimia 16 ya bei. Unaizidisha bei kwa 16, kisha unagawanya kwa 116. Isitoshe, unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi VAT. Vinavyotozwa ni mafuta, sabuni na dawa ya meno, jumla 1,142, na kodi yake ni 157.52. Senti moja au mbili zikipishana, usigombane na keshia: mashine nyingine hukadiria senti kwa kila bidhaa, nyingine mwishoni.

Hesabu hiyo hurudi nyuma pia. Zidisha 157.52 kwa 116, gawanya kwa 16, utapata 1,142 na senti mbili tu. Toa mafuta na dawa ya meno, sabuni inabaki 325. Kodi imethibitisha tarakimu ambayo jicho halikuiona.

Lakini mstari wa kodi ukisema 212.00, picha haina lawama. Hiyo ni kodi ya 1,537 nzima, ishara kwamba unga na mkate vimeingizwa kwenye mashine kama bidhaa zinazotozwa. Bei ya rafuni haikubadilika, kwa hiyo mteja wa nyumbani hatahisi kitu. Mfanyabiashara anayetaka kudai VAT ya manunuzi yake ndiye anayepaswa kuirudisha risiti dukani irekebishwe.