Nyota Moja ya Duka la Tandika

Mwenye duka moja la vipuri vya pikipiki, Tandika, Dar es Salaam, alikuta mteja amempa nyota moja kwenye Google Maps na kuandika: “Nimetoka Mbagala, nimefika pamefungwa.” Akampigia simu kijana anayemsimamia ukurasa wa duka kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, akataka maneno yale yafutwe.

“Bosi, Ijumaa mchana huwa mpo?”

“Si tunakwenda kuswali!”

Tatizo lilikuwa hapo. Ramani ilionyesha duka liko wazi kutwa nzima. Kijana akaigawa Ijumaa mafungu mawili: saa 2:00 asubuhi hadi 6:15 mchana, kisha 7:45 hadi 2:00 usiku. Baada ya hapo ndipo akajibu: “Samahani kwa usumbufu. Ijumaa mchana tunafunga kwa ajili ya swala, na ramani haikuonyesha. Tumerekebisha. Ukija tena tupigie, tukuwekee kipuri chako.”

Kufuta hakuwezekani. Mwenye duka anaweza kuripoti matusi, au maoni ya mtu ambaye hakuwahi kufika, na Google ndiyo inayoamua. Lalamiko la kweli hubaki palepale. Lakini jibu nalo hubaki chini yake, likisomwa na kila anayetafuta vipuri jirani. Kwa hiyo mimi namwamini zaidi msimamizi anayeuliza kwanza kilichotokea kuliko anayeahidi kuleta nyota tano. Nyota za kununua zinakatazwa, na zikigundulika huondolewa.

Kufungua ukurasa huo, unaoitwa Google Business Profile, ni bure. Uthibitisho mara nyingi hufanywa kwa video isiyokatwa: unaanzia barabarani, unaonyesha kibao cha duka, unafungua kufuli kwa ufunguo wako, unaingia hadi kwenye rafu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao. Ukilirefusha kwa “vipuri bei poa Dar”, ukurasa unaweza kusimamishwa.

Basi ada ya kila mwezi ni ya nini? Ni ya uangalizi. Mpita njia yeyote anaweza kupendekeza saa mpya, namba nyingine ya simu, hata kwamba duka limefungwa kabisa, na mabadiliko hayo yanaweza kupita mwenyewe asijue. Kuna saa za Ramadhani na sikukuu, picha za mzigo mpya, na maoni yanayosubiri majibu.

Jambo moja lisiachwe: ukurasa ufunguliwe kwa barua pepe ya mwenye duka, awe “Primary owner”, na kijana aongezwe kama “Manager”. Wakiachana, anaondolewa tu. Akiwa amefungua kwa barua pepe yake, mwenye duka itabidi aombe umiliki wa duka lake mwenyewe na kusubiri siku 3 jibu la huyo aliyeondoka.

Mwisho wa mwezi, adai hesabu mbili: waliopiga simu kupitia ukurasa, na walioomba kuelekezwa njia hadi dukani.