Jinsi mpira na boksi vinavyogongana ndani ya kompyuta

WATUNZI wa programu za michezo ya kompyuta ambao huamua kujiandikia injini yao ya fizikia, badala ya kutumia iliyokwisha kuandikwa na wengine, hukwama karibu wote mahali pamoja. Mpira ukigonga mpira, kila kitu huenda sawa. Siku boksi linapoingizwa, vitu huanza kurukaruka, kuzunguka kama pia na wakati mwingine kutoweka kabisa kwenye kioo cha kompyuta.

Kiini cha tatizo hilo ni namna programu inavyohesabu kile kinachotokea vitu viwili vinapogusana. Kwa kawaida vitu halisi vinapogongana, kani kubwa sana hufanya kazi kwa muda mfupi sana. Kompyuta haiwezi kuufuata muda huo, kwani huhesabu mwendo kwa hatua, mara nyingi hatua 60 kwa sekunde, na mgongano wote huweza kuanza na kwisha ndani ya hatua moja. Njia inayotumika ni kuiacha kani kando na kukadiria moja kwa moja matokeo yake, yaani msukumo mmoja wa papo hapo unaobadilisha kasi za vitu vyote viwili kwa mara moja.

Njia hiyo si ngeni. Brian Mirtich aliifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuukamilisha mwaka 1996, wakati Chris Hecker akiwaeleza watunzi wa michezo misingi yake katika jarida la Game Developer. Mwaka 2006 Erin Catto alionyesha namna ya kuitumia kwa haraka na kwa wepesi, na kazi yake ikazaa injini ya Box2D, ambayo ndiyo iliyoendesha mchezo wa Angry Birds uliotoka mwaka 2009.

Hatua ya kwanza ni kujua kama mpira na boksi vimegusana. Boksi laweza kuwa limepinda, hivyo programu hukichukua kitovu cha mpira na kukipima kwa majira ya boksi lenyewe, kana kwamba boksi limesimama wima na kitovu chake ni sifuri. Kisha hutafutwa nukta ya boksi iliyo karibu zaidi na kitovu hicho. Kazi hiyo ni nyepesi: kila jira la kitovu cha mpira hubanwa lisivuke ukingo wa boksi.

Mathalani boksi ni la mraba wenye upande wa mita 1, na kitovu cha mpira kiko mita 0.4 kulia na mita 0.73 juu ya kitovu cha boksi. Jira la kwanza halivuki ukingo, kwa hiyo hubaki 0.4. La pili linavuka, hivyo hubanwa na kuwa 0.5. Umbali kutoka nukta hiyo hadi kitovu cha mpira ni mita 0.23. Ikiwa nusu kipenyo cha mpira ni mita 0.25, basi vimegusana, na mpira umezama ndani ya boksi kwa mita 0.02. Mstari kutoka nukta ile kwenda kwenye kitovu cha mpira ndio mwelekeo wa kusukumana. Hapa unaelekea juu moja kwa moja.

Hapo hapo kuna mtego wa kwanza. Mpira ukienda kasi, kitovu chake chaweza kukutwa kimeshaingia ndani ya boksi. Nukta iliyo karibu huwa ni kitovu chenyewe, umbali huwa sifuri, na programu ikijaribu kugawa kwa sifuri ili ipate mwelekeo, hupata thamani isiyo namba. Thamani hiyo huenea katika hesabu zote zinazofuata, na mpira hupotea. Mtunzi anayeona kitu kimetoweka ghafla bila kuonekana kikienda popote aanze uchunguzi wake hapo. Dawa ni kuitambua hali hiyo mapema na kuusukuma mpira nje kupitia ukingo ulio karibu zaidi.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Msukumo hupatikana kwa kugawa: juu ni kasi ambayo vitu vinakaribiana, ikizidishwa na moja kujumlisha kipimo cha kudunda, chini ni jumla ya urahisi wa vitu hivyo kusukumika. Kipimo cha kudunda huanzia 0, kwa donge la udongo, hadi 1, kwa mpira unaodunda bila kupoteza chochote. Urahisi wa kusukumika una sehemu mbili. Ya kwanza ni moja gawanya kwa uzito wa kila kitu. Ya pili ni urahisi wa kuzungushwa, ambao hutegemea pahala panapogongwa. Boksi likigongwa katikati halizunguki. Likigongwa pembeni huzunguka, na kadiri mkono wa wenzo unavyorefuka ndivyo linavyoachia zaidi. Katika programu, mistari mitatu inatosha:

```
rn = rx*ny - ry*nx;
k  = 1/ma + 1/mb + rn*rn/Ib;
j  = -(1 + e) * vn / k;
```

Herufi `rn` ni mkono wa wenzo wa boksi, `Ib` ni ukaidi wa boksi kuzungushwa, `e` ni kipimo cha kudunda na `vn` ni kasi ya mpira ukilinganishwa na boksi kwenye nukta ya mgongano; vikikaribiana huwa hasi. Mpira hauna sehemu yake ya mzunguko, kwa kuwa mwelekeo wa kusukumana hupita daima kwenye kitovu chake. Hii ndiyo sababu programu ya mipira mitupu hufanya kazi vizuri hata kama mwandishi wake ameisahau kabisa sehemu hiyo.

Turudi kwenye mfano. Mpira una kilo 3, boksi kilo 6, na boksi limetulia juu ya sakafu inayoteleza, likitazamwa kutoka angani. Mpira unalijia kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde, na kipimo cha kudunda ni 0.5. Ukaidi wa boksi kuzungushwa ni uzito wake mara jumla ya miraba ya pande zake mbili, gawanya kwa 12. Yaani 6 mara 2 gawanya kwa 12, ambayo ni 1. Mkono wa wenzo ni 0.4, na mraba wake 0.16. Kwa hiyo jumla ya chini ni theluthi moja, kuongeza sudusi moja, kuongeza 0.16, sawa na 0.66. Juu ni 1.5 mara 4.4, yaani 6.6. Msukumo ni 10.

Msukumo huo huongezwa kwa mpira na kupunguzwa kwa boksi, kila mmoja ukigawanywa kwa uzito wake. Mpira unabaki na kasi ya mita 1.07 kwa sekunde kuelekea kule kule ulikokuwa ukienda, boksi linaondoka kwa mita 1.67, na linazunguka kwa radiani 4 kwa sekunde, kwa mwelekeo wa akrabu za saa. Uhakiki ni rahisi: nukta iliyogongwa sasa inakimbia kwa mita 3.27, ambayo inauzidi mpira kwa mita 2.2, nusu kamili ya 4.4. Nishati ilikuwa jouli 29.04, sasa ni 18.04.

Sasa na isahauliwe ile 0.16, kosa ambalo ni la kawaida mno. Jumla ya chini inakuwa 0.5 na msukumo unapanda hadi 13.2. Ukitumiwa kulisukuma na kulizungusha boksi, vitu vinaachana kwa mita 4.31 kwa sekunde, kana kwamba kipimo cha kudunda si 0.5 bali 0.98. Kwa kuwa nishati bado haijazidi ile ya mwanzo, mtunzi aweza kudhani boksi lake linadunda kupita kiasi tu, akapunguza kipimo na kuendelea. Lakini kipimo kikiwekwa kuwa 1, kosa hujifichua: nishati hupanda kutoka jouli 29 hadi takriban 54. Njia ya kulinasa ni kuchapisha jumla ya nishati kabla na baada ya kila mgongano. Isipokuwa kuna injini au baruti ndani ya mchezo, jumla hiyo haina ruhusa ya kuongezeka.

Jambo jingine linalosahauliwa ni alama ya kasi. Ikiwa vitu vimeshaanza kuachana, lakini bado vimezama kidogo, msukumo haupaswi kutolewa tena. Vinginevyo huvutwa pamoja na kugandana.

Msuguano nao huhesabiwa kwa namna ile ile, ila kwa mwelekeo wa kuteleza, na baada ya msukumo wa kwanza. Katika mfano wetu, mzunguko wa boksi umeifanya nukta ya mgongano iteleze chini ya mpira kwa mita 2 kwa sekunde. Msukumo wa takriban 1.41 ungetosha kuuzima mtelezo huo, mpira ukichukuliwa kuwa kisahani kizima. Hata hivyo msuguano hauruhusiwi kuzidi kipimo chake mara msukumo wa kwanza. Kikiwa 0.1, ruhusa ni 1 tu, na mtelezo kiasi unabaki.

Msukumo hubadilisha kasi, haubadilishi mahali, hivyo ile mita 0.02 ya kuzama bado ipo. Kuiondoa yote kwa mara moja huvifanya vitu vitetemeke. Box2D huvumilia mita 0.005, na sehemu tu ya kinachozidi ndiyo hurekebishwa. Kwa asilimia 20 kila hatua, kati ya mita 0.015 zilizobaki hutolewa 0.003: mpira, ulio mwepesi, unasogezwa 0.002 na boksi 0.001. Sakafu na kuta hupewa sifuri badala ya moja gawanya kwa uzito, na hivyo hazisogei kamwe.

Boksi likitua sakafuni, mvutano wa dunia huliongezea kasi ya mita 0.16 kwa sekunde katika kila hatua, na kipimo cha kudunda hulirusha tena, bila kikomo. Ndiyo maana kudunda huzimwa kasi inaposhuka chini ya kiwango fulani. Box2D ilichagua mita 1 kwa sekunde. Isitoshe, boksi hulala juu ya pembe mbili, na kuisukuma moja huivuruga nyingine. Catto alipendekeza kuzipitia zote kwa zamu, mara kadhaa katika kila hatua, huku ikitunzwa jumla ya msukumo wa kila nukta ili isiwe hasi. Lundo la maboksi mawili hutulia baada ya mizunguko michache. La maboksi 20, lenye zito juu ya mepesi, huhitaji mizunguko mingi zaidi, na pengine huendelea kuyumba hata hivyo.

Na mpira unaokwenda mita 60 kwa sekunde husogea mita 1 nzima katika hatua moja. Ukuta mwembamba ukiwa katikati ya safari hiyo, mpira hukutwa upande wa pili, na hakuna mgongano wowote wa kuhesabu.