Jina Linalozikwa: Desturi ya Wamasai wa Zamani Juu ya Majina ya Wafu

Katika makabila mengi si adabu kulitaja ovyo jina la mtu aliyekufa. Wamasai wa zamani waliishika adabu hiyo kwa namna ya pekee. Hawakuliacha jina peke yake, bali waliacha hata neno la kila siku lililofanana nalo, wakatumia neno jingine mahali pake. Desturi hiyo ilielezwa na A. C. Hollis, ofisa wa serikali, katika kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wamasai kilichopigwa chapa mwaka 1905.

Zamani hizo mtoto, mwanamke au moran alipokufa hakuchimbiwa kaburi. Mwili ulipelekwa nje ya boma ukaachwa porini, nao fisi wakaumaliza. Kilichozikwa ni jina. Wamasai wenyewe walisema hivyo, kwamba jina la mtu huyo limezikwa, maana yake jamaa zake hawatalitamka tena kamwe.

Shida ilikuwa kwamba majina mengi ya Kimasai ni maneno yenye maana, yasemwayo kila siku. Hollis alitoa mfano wa mtu asiye mkubwa aitwaye Ol-onana, yaani aliye mpole au laini. Upole kwa Kimasai ni en-nanai, na kila asikilizaye husikia kwamba maneno hayo mawili yana kiini kimoja. Basi Ol-onana akifa, watu wa boma lake hawawezi tena kusema en-nanai, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuwa jina la maiti. Lakini hawawezi kuishi pasipo kuutaja upole. Kwa hiyo huchukua neno lenye maana ya karibu lisilofanana kwa sauti, kama epolpol, ambalo maana yake ni kwamba kitu ni nyororo. Tangu siku hiyo katika boma lile epolpol hufanya kazi ya en-nanai.

Mtu akijisahau akalitamka neno la zamani, wenziwe humkataza papo hapo, wakimwambia asilitumie jina la maiti yule.

Mwiko huo ulikuwa na mipaka yake. Uliwafunga watu wa boma la marehemu na jamaa zake, wala haukuwafunga Wamasai wote. Katika boma la jirani en-nanai iliendelea kusemwa bila kosa. Ndiyo sababu neno halikupotea katika lugha, ingawa mgeni aliyepita kutoka boma hata boma angeweza kusikia kitu kimoja kikiitwa kwa maneno mawili, akadhani kwamba lahaja imebadilika, kumbe ni msiba uliotokea.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi, nao ndio unaoonyesha maana ya desturi yenyewe. Mzee aliyekufa akiacha watoto, jina lake halikuzikwa, kwa sababu wazao wake huitwa kwa jina hilo. Hivyo jina lililozikwa ni lile lisilokuwa na mtu wa kulichukua. Moran aliyekufa kabla ya kuoa alipoteza uhai wake na jina lake kwa pamoja. Tena kadiri alivyopendwa nyumbani ndivyo jamaa zake walivyojihadhari wasimtaje. Atafutaye nasaba za zamani hana budi kulikumbuka jambo hili. Kimya cha jamaa si dalili kwamba marehemu amesahauliwa, na orodha ya mababu waliotajwa ni orodha ya wale walioacha wazao.

Hollis hakusema bure kwamba Ol-onana wa mfano wake ni mtu asiye mkubwa. Wakati alipoandika kitabu chake, Ol-onana aliyejulikana kuliko wote alikuwa hai. Huyo ndiye laiboni mwana wa Mbatian, ambaye wageni walimwita Lenana, na aliyetia sahihi mapatano ya mwaka 1904 juu ya nchi ya Wamasai. Laiboni hakutupwa porini. Alilazwa katika shimo, mawe yakarundikwa juu yake, na kila apitaye huongeza jiwe lake. Lenana alikufa mwaka 1911 akaacha watoto, naye mwanawe Seggi akamrithi. Kwa hiyo jina lake halikustahili kuzikwa. Tena tangu mwaka 1899, alipokuwa angali hai, Mwingereza Mackinder alikuwa amekwisha kukiita kwa jina hilo kilele cha tatu cha Mlima Kenya. Hata leo wapandao mlima hulitaja jina la Lenana pasipo hofu, jina lile lile ambalo mtu mnyonge akifa nalo, boma lake zima lilijifunza neno jipya la upole.